Milimita Peke Yake Hazitoshi Kuamua

Imekuwa desturi kwamba ripoti ya picha ya kichwa inapoletwa, macho ya wote hukimbilia tarakimu moja tu: kifuko kina milimita ngapi? Tarakimu ikiwa ndogo, jamaa hushusha pumzi. Ikiwa kubwa, nyumba nzima hukosa usingizi. Desturi hiyo yafaa isahihishwe, kwa maana kifuko kinachotuna katika ukuta wa ateri ya ubongo, ambacho waganga hukiita aneurizimu, hakihukumiwi kwa ukubwa wake tu. Hakina budi kuulizwa pia kimekaa wapi.

Na achukuliwe, kwa mfano, mwalimu wa kike wa miaka 54, mwenye shinikizo la damu, ambaye kaka yake alifariki ghafla kwa kuvuja damu juu ya ubongo. Anapigwa picha ya mishipa kwa mashine ya CT. Dawa yenye aidini hudungwa kwa kasi katika mshipa wa mkono, na mashine husubiri hadi dawa ifike katika ateri za kichwa. Ikichelewa kidogo, vena nazo hujaa dawa, na msomaji wa picha hupata shida kutenganisha kipi ni kipi. Vipande vya picha huwa vyembamba, pungufu ya milimita 1, ili kompyuta iweze kuiumba upya mishipa na kuigeuza pande zote.

Vifuko vikubwa mashine hii huvikamata vyema. Mashaka huanza chini ya milimita 3, na pale ateri inapopita ubavuni mwa mfupa wa kitako cha fuvu, maana mfupa na dawa vyote huonekana vyeupe. Aidha, chanzo cha kiateri kidogo huweza kutanuka mfano wa faneli na kudhaniwa ni kifuko. Hapo hutazamwa ncha: kiateri kikitoka nchani kabisa, na upana wa faneli usipozidi milimita 3, hiyo kwa kawaida si aneurizimu. Tena dawa huonyesha uwazi unaopitisha damu tu; damu iliyoganda ndani ya kifuko kikubwa haijai dawa, na asiyetazama ukuta wa nje atakipima pungufu.

Kwa mwalimu huyo kimeonekana kifuko cha milimita 6 juu ya ateri unganishi ya mbele, nacho kina kinundu ubavuni. Kitanda cha pili yupo karani wa miaka 61, ambaye kifuko chake kina milimita 9. Je, nani wa kutangulizwa? Anayehesabu milimita atamtaja karani. Lakini kifuko cha karani kimo katika sehemu ya ateri kuu inayopita ndani ya pango la vena kando ya kitako cha fuvu, nje ya maji yanayouzunguka ubongo. Katika uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003, vifuko vya mahali hapo vilivyo chini ya milimita 13 havikupasuka katika miaka 5. Vikikua, mara nyingi hubana neva za jicho na mtu akaona vitu viwiliviwili.

Ni kweli kwamba uchunguzi huohuo uliviona salama pia vifuko vya mbele vilivyo chini ya milimita 7. Lakini wengi wa waliochunguzwa walikuwa wale ambao waganga walikwisha kuona heri waachwe. Utafiti wa Japani wa mwaka 2012, uliofuata wagonjwa zaidi ya 5,000, ulionyesha kuwa kifuko cha ateri unganishi ya mbele hupasuka takriban mara mbili ya kile cha ateri ya kati ya ubongo, na kinundu huongeza hatari.

Kwa kipimo kiitwacho PHASES mwalimu anapata alama 1 ya shinikizo la damu na 4 za mahali. Ukubwa wake haumpi hata moja. Alama 5 ni hatari ya kama 1.3 kwa mia katika miaka 5. Kwa upande wa pili, uchambuzi wa mwaka 2019 ulikuta matatizo ya tiba kuwa karibu 5 kwa mia kwa kujaza koili kupitia ndani ya mshipa, na 8 kwa mia kwa kufungua fuvu na kubana shingo ya kifuko. Kwa hesabu hiyo kavu, angeachwa. Lakini kipimo hicho hakihesabu kinundu wala kifo cha kaka, nacho kinatazama miaka 5 tu, hali mwalimu huenda ana miaka 30 mbele yake. Kwa hiyo ni halali jopo la waganga kumshauri tiba akiwa bado ana nguvu, baada ya kumweleza hatari za pande zote mbili, huku karani akirudishwa nyumbani, apigwe picha tena baada ya miezi 6 hadi 12, na kuambiwa arudi upesi akianza kuona viwiliviwili.