Waraka kwa Wanachama: Tuombe Faili Moja Lisilohama

Kwa: Wanachama wote
Kutoka: Katibu, Kamati ya Takwimu
Yah: Barua yetu kwa ofisi ya takwimu ya taifa kuhusu data za dashibodi ya bei

Ndugu wanachama,

Rasimu ya barua mmeshaipata, na baadhi yenu mmeirudisha mkitaka tuongeze maombi: bei za kila soko, takwimu za kila wiki, na mfumo kamili wa kuuliza data kwa programu. Nawasihi tuyaweke kando hayo yote. Tuombe fahirisi ya bei za mlaji ya kila mwezi ndani ya faili la CSV, kwenye anwani isiyobadilika, pamoja na ahadi kwamba muundo wa faili hautaguswa bila taarifa ya miezi mitatu.

Ahadi hiyo ndiyo kiini cha barua. Anwani ikihama, programu inakwama na sisi tunajua siku hiyohiyo. Hatari kubwa ni faili linaloendelea kusomeka vizuri ilhali maana ya namba zake imebadilika.

Chukueni suala la mwaka wa kizio. Ofisi za takwimu huubadilisha kila baada ya miaka kadhaa ili kapu la bidhaa lifanane na matumizi ya sasa ya watu. Tanzania ilihamia 2020, Kenya ikahamia Februari 2019. Tuseme kizio kinahamia 2030. Fahirisi ya Desemba, kwa kizio cha zamani, ilikuwa 125.0; ya Januari, kwa kizio kipya, ni 100.6. Kama faili halitaji kizio, dashibodi italinganisha namba hizo mbili na kuutangazia umma kwamba bei zimeshuka kwa asilimia 19.5 ndani ya mwezi mmoja. Hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea.

Dawa yake ni rahisi endapo ofisi itatoa angalau mwezi mmoja kwa vizio vyote viwili. Desemba ikiwa 125.0 kwa kizio cha zamani na 100.0 kwa kipya, tunazidisha mfululizo wa zamani kwa 0.8, na Januari inaonekana ilivyo: bei zimepanda kwa asilimia 0.6.

Mtego wa pili umo kwenye namba za makundi. Uainishaji wa kimataifa wa matumizi, COICOP, ulikuwa na makundi 12 ya matumizi ya kaya katika toleo la 1999. Toleo la 2018 lina 13. Katika toleo la zamani, kundi la 12 lilikuwa la bidhaa na huduma nyinginezo. Katika jipya, namba hiyohiyo ni ya bima na huduma za fedha. Programu inayosoma “12” peke yake itaunganisha mambo mawili yasiyohusiana.

Ndiyo maana rasimu inapendekeza kila mstari ujieleze wenyewe, kwa mfano hivi (tarakimu ni za kuonyesha tu):

```
kipindi,eneo,mfumo,kundi,kizio,toleo,thamani
2031-01,TAIFA,COICOP2018,01,2030=100,1,100.6
```

Safu ya `toleo` ni ya masahihisho. Ofisi ikirekebisha namba ya Januari, iongeze mstari wenye toleo la 2 na kuuacha ule wa kwanza, ili anayeuliza kwa nini grafu imebadilika apate jibu.

Huenda tukajibiwa kwamba watumishi ni wachache. Ombi letu ni dogo kwa sababu hiyo. Aidha, tangu 2015 Shirika la Fedha la Kimataifa lina mpango uitwao e-GDDS, ambamo nchi nyingi za Afrika huchapisha takwimu zao kuu katika umbo linalosomwa na kompyuta. Kwa ofisi iliyomo katika mpango huo, kazi ya namna hii si ngeni.

Nasi tubebe wajibu wetu, na barua iutaje. Takwimu hizi hutoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo programu yetu haina sababu ya kugonga mlango kila dakika. Itauliza baada ya saa iliyotangazwa ya kutolewa, na itatumia `If-None-Match` ili isipakue faili ambalo halijabadilika. Fahirisi kuu ikiruka zaidi ya asilimia 5 kwa mwezi, dashibodi isitishe usasishaji, ionyeshe namba ya mwisho iliyothibitishwa pamoja na tarehe yake, na imwite mtu akague.

Kabla ya mkutano wa mwezi ujao, kila mwanachama asome rasimu, atie saini, na aambatishe mfano mmoja wa jedwali lililomvurugia hesabu: faili lenyewe, mwezi wake, na safu iliyobadilika. Malalamiko ya jumla msiyatume. Afisa atakayeipokea barua hii anahitaji kuona safu gani iandikwe vipi, ili aweze kuanza kazi.

Wenu katika ujenzi wa chama,
Katibu, Kamati ya Takwimu