Ukipewa nusu saa, usilete mada ya pili



Mwenzetu mmoja amezoea kutoa nasaha ya dakika 5 kwenye shughuli za harusi: mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, si ya baba wala mjomba. Safari hii kaambiwa azungumze nusu saa. Akatujia na nyongeza zake: mawifi, mapishi, usafi wa nyumba na kasida mbili. Sisi tukamwambia hapana. Hizo ni nasaha tano fupi, na bi harusi ataondoka hana hata moja.

Tulimshauri abaki na mahari, ila amjibu bi harusi maswali ambayo dakika 5 hazikuyafikia.

Dakika 5 za mwanzo ziwe zile zile, pamoja na maana ya aya ya 4 ya Suratun Nisaa. Kisha dakika 10 za mfano. Tuseme mahari ni shilingi 2,000,000. Umepewa 500,000, na 1,500,000 imeakhirishwa. Mume akifariki mkiwa pamoja, ile 1,500,000 ni deni. Inatolewa kwanza, ndipo mirathi igawiwe, na fungu lako la urithi liko pale pale. Wajane wangapi wamepewa thumni yao wakadhani mahari imo humo humo? Na ukiachwa kabla ya kuingiliwa, haki yako ni nusu, yaani 1,000,000. Ulishapokea 500,000, basi unadai 500,000 nyengine.

Dakika 5 zinazofuata ni za kusamehe. Aya ile ile inaruhusu mwanamke kuachia sehemu ya mahari kwa ridhaa ya nafsi yake. Hapo aeleze tofauti ya ridhaa na haya: kusamehe mbele ya wakwe waliokukodolea macho si sawa na kusamehe ulipokaa ukafikiri.

Dakika 10 za mwisho ni za maswali. Asilolijua asibahatishe, aseme wazi kuwa hilo ni la kumuuliza sheikh au kadhi.

Utajuaje kama umeongeza kina au maji tu? Kifute kipande kimoja kichwani mwako. Kama bi harusi hapotezi kitu, hicho ni maji. Ule mfano wa milioni mbili ukiufuta, kuna haki atakayoikosa siku ya msiba.

Na kabla hujashuka, mpe hesabu mpya: mahari 3,000,000, umepokea 1,000,000, mume kafariki, deni ni kiasi gani? Akijibu milioni mbili, kabla ya mirathi, nusu saa yako haikupotea. Akikutazama tu, rudia mfano. Kasida zitangoja.