Walimu, muelezeeni mwanafunzi ile mashine kabla ya kumuazibu



Siku moja tuliitwa kwenye testi ya kazi. Simu zilibaki mlangoni. Kila mutu alipewa karatasi, biki na saa mbili: andika ripoti ya ukurasa mmoja juu ya shida ya maji katika kartye yenu. Wote tulikuwa na diploma. Wengi wetu tulitoka na mistari kumi, na kazi hatukupata.

Kwa sababu hiyo tunaongea juu ya detekteri, ile mashine inayosoma kazi ya mwanafunzi na kusema kama imeandikwa na akili bandia. Kwenye mashule mengi mwanafunzi anasikia tu hasira: « Ukidanganya, tutakukamata. » Hakuna mwenye anamuelezea juu ya nini iko.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. ChatGPT inaandika kwa kuchagua, neno baada ya neno, maneno yenye kuwa na nafasi kubwa ya kufuata. Detekteri nyingi zinapima kitu hicho hicho: maneno haya yanabahatishwa kwa urahisi kiasi gani? Ukiandika « maji ni… », kila mutu anajua kwamba « uhai » inakuja. Sentensi zikiwa zote za namna hiyo, alama inapanda. Lakini mashine haikuona mkono wa mwenye kuandika. Inakisia tu.

Na inakosea. OpenAI, wenye kutengeneza ChatGPT, walitoa detekteri yao Januari 2023. Wao wenyewe walisema kwamba ilishitaki kwa uongo 9 kwa 100 ya maandishi ya watu. Katika oditware ya wanafunzi 200 walioandika kwa haki, hao ni 18. Julai mwaka ule ule waliiondoa. Tena mwaka 2023, watafiti wa Stanford walipitisha kwenye detekteri saba insha 91 za watu ambao Kiingereza si luga yao ya kuzaliwa. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilihesabiwa kuwa za mashine. Mutu mwenye kuandika katika luga ya shule anashika maneno aliyofundishwa, yale ya kubahatishwa. Sisi pia tunaandika TFC kwa Kifaransa, luga ya tatu kwa wengi wetu. Kwa hiyo alama ya detekteri iwe sababu ya kumuuliza mwanafunzi maswali. Isiwe hukumu.

Basi, juu ya nini iko? Juu mwalimu mwenye kazi 200 mezani hawezi kujua kwa macho tu ni nani aliandika, na pointi anazotoa zinashuhudia kwamba mutu fulani anaweza. Ushahidi ukiwa wa uongo, siku ya testi unaanguka. Sisi tuliona.

Sasa muonyesheni mwanafunzi kwamba jasho la kuandika ndilo lenye kumufundisha. Tuseme msichana mmoja anaandika: « Maji iko shida sana kwetu. » Mwalimu anauliza: shida kwa nani? Hajui kujibu. Anarudi kwenye kartye, anauliza majirani, anaandika tena: « Kwenye avenyu yetu, watoto wanabeba bidoni ya litri 20 kutoka ziwani mbele ya masomo. » Mwalimu anauliza tena: juu ya nini ziwani, na robine iko? Anaenda kuangalia, anarudi na mstari wa tatu: « Robine inatoa maji usiku tu, na mama wengi wanaogopa kutoka saa hiyo. »

Muangalie vizuri. Ule mstari wa tatu haukuwa katika kichwa chake alipoanza. Aliupata kwa sababu wa kwanza ulimushinda. Mashine ingemupa ukurasa muzuri kwa dakika moja, na asingejua kamwe kwamba kuna kitu hakijui. Hata kukumbuka kunafuata njia hiyo: mwaka 1978 Slamecka na Graf walionyesha kwamba watu wanakumbuka vizuri zaidi neno walilolitafuta wenyewe kuliko lile walilolisoma tu.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu. Mstari wa kwanza uandikwe darasani, kwa mkono. Mwanafunzi atoe kazi pamoja na brouyo zake zote, na brouyo chafu isimupunguzie pointi. Na detekteri ikipiga kelele, mupeni dakika tano aeleze: ulipata wapi hii, juu ya nini ulifuta pale? Mwenye kuandika atakuwa na jibu. Mwenye hakuandika atajua mwenyewe, mbele yenu, kitu chenye kinamukosekania. Afazali ajue hapo kuliko siku simu zitabaki mlangoni.