Usimlipe fundi mpaka diski ya zamani iwe mezani

Leo nataka tuongee kuhusu ile laptopu yako inayochukua dakika nne kuwaka wakati mteja anasubiri bei kwenye simu. Wengi mmeshaambiwa dawa yake: toa diski ya kuzunguka, weka SSD. Ni kweli, dawa ndiyo hiyo. Ila nina ugomvi na namna kazi hii inavyofanywa mitaani kwetu, na nitausema kwa mfano wa jirani yangu hapa Mkomaindo.

Dada huyu anauza korosho zilizobanguliwa. Ananunua kwa akina mama wa Newala na huku Masasi, anapakia za nusu kilo na kilo, anatuma Dar kwa basi. Wateja anawapata Instagramu na Watsapu, lakini biashara yenyewe inakaa kwenye laptopu: daftari la madeni la Ekseli, majina ya wateja, programu ya mauzo, printa ndogo ya lebo iliyomtesa wiki nzima kuiunganisha. Kwa mtu wa namna hii, kupiga Windows mpya ni hasara. Mafaili unaweza kuyarudisha kwa flashi, lakini programu, mipangilio ya printa na nywila zilizohifadhiwa huanzi nazo tena kirahisi. Kwa hiyo alifanya uamuzi sahihi: alitaka diski nzima inakiliwe ilivyo kwenda kwenye SSD, kile mafundi wanachoita kukloni.

Diski yake ya zamani ilikuwa ya GB 500, iliyojaa kama GB 210 tu. Akanunua SSD ya GB 480. Hesabu ya dukani inasema 210 inaingia kwenye 480 na nafasi inabaki tele, sivyo? Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyemwambia.

Baadhi ya programu za kukloni, ikiwemo Clonezilla ambayo ni ya bure na mafundi wengi wanayo kwenye flashi, haziangalii umejaza kiasi gani. Zinaangalia ukubwa wa diski yenyewe. Diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, hata kwa GB 20, Clonezilla kwa mpangilio wake wa kawaida inagoma. Fundi akapunguza sehemu ya C ikawa GB 300. Ikagoma tena, maana diski yenyewe bado ni ya 500. Jioni inaingia, mteja anasubiri. Fundi akatafuta njia ya mkato: akanakili ile C peke yake.

Sasa tuelewane kidogo. Ukifungua kompyuta unaona C, unadhani diski yako ni C. Lakini laptopu nyingi za miaka kumi hivi iliyopita zina kipande kingine kidogo kilichofichwa, mara nyingi cha MB 100 hadi 260, kinachoitwa EFI. Ndani yake kuna faili zinazoiambia mashine Windows iko wapi na ianzeje. C ni nyumba yenye vitu vyako vyote, kile kidogo ni mlango. Ukihamisha C peke yake umehamisha nyumba isiyo na mlango: vitu vyote vimo, ila mashine haiwezi kuingia.

Kwa nini fundi hakugundua? Kwa sababu alijaribu vibaya. SSD ilikuwa imechomekwa kwa kebo ya USB, diski ya zamani bado imo ndani. Akawasha, Windows ikafunguka, akasema "tayari dada". Kumbe mashine iliwaka kwa diski ya zamani! Akabadilisha diski, akafunga skrubu bila kuwasha tena. Na akaomba abaki na diski ya zamani kama punguzo la bei. Dada akakubali.

Asubuhi, skrini nyeusi na maneno haya, kama HP zinavyoandika: "Boot Device Not Found", na chini yake "Hard Disk (3F0)". Wateja watatu walikuwa wanasubiri mzigo wa basi la siku ile, na anwani zao zimo humo ndani.

Ndiyo maana nasema, na sitabadilisha kauli: kukloni hakujaisha mpaka mashine iwake na SSD peke yake, diski ya zamani ikiwa imetolewa na iko mezani mbele yako. Kabla ya hapo usilipe, na hiyo diski usimwachie mtu. Mafundi wengine watanichukia. Sawa tu. Fundi mzuri haogopi kuwasha mashine mbele ya mteja.

Ukishaona imewaka, thibitisha. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc, ingia Performance, tazama Disk 0. Kwenye Windows za karibuni pameandikwa kabisa kama ni SSD au HDD. Halafu fungua Ekseli yako, toa lebo moja kwenye printa, ndipo utoe hela. Ruhusa ya Windows usiihofie, kwa kawaida inakaa na ubao wa mashine na haipotei kwa kubadilisha diski. Programu chache za mauzo zinasoma namba ya diski na zinaweza kudai usajili upya, hivyo weka namba yako ya leseni karibu.

Turudi kwa dada. Bahati yake, diski ya zamani ilikuwa bado haijafutwa, akairudishiwa. Angeweza kuanza upya, lakini SSD ilikuwa na kila kitu isipokuwa mlango, kwa hiyo tukautengeneza. Tulitumia flashi yenye Windows ya kusakinisha. Kwenye HP unawasha huku unabonyeza F9, unachagua flashi. Ikifika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha, usiendelee kusakinisha. Bonyeza Shift + F10, kinatokea kidirisha cheusi. Pale tuliandika:

```
diskpart
list disk
list vol
```

Kwenye `list disk` tulitafuta nyota chini ya neno Gpt. Ilikuwepo. Kwenye `list vol` tuliona kipande kimoja tu kikubwa cha NTFS, hakuna kidogo cha FAT32, na hapo ugonjwa ukajulikana. Tukakata kipande kidogo mwishoni mwa C na kukifanya mlango. Namba za 0 na 1 hapa chini ni za kwake, wewe tumia zile unazoziona kwenye skrini yako, na hakikisha umechagua SSD, siyo flashi:

```
select disk 0
select vol 1
shrink desired=300
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI
```

Mstari wa mwisho ndio unaoandika zile faili za kuanzia. Angalizo: ukiwasha kwa flashi, herufi hubadilika, na C yako inaweza kuonekana kama D. Andika `dir C:\Users` kwanza. Ukiona jina lako, uko sahihi. Ikijibu "Boot files successfully created", chomoa flashi uwashe. Ya dada ikawaka, na mizigo ikatoka kwa basi la kesho yake.

Kama hakuna nyota chini ya Gpt, acha hapo hapo. Hiyo ni diski ya mtindo wa zamani, MBR, inayokutwa sana kwenye mashine zilizoanza maisha na Windows 7. Amri hizo siyo zake. Kwake njia salama ni kurudia kukloni diski nzima, na kwenye mipangilio ya mashine uache Legacy kama ilivyokuwa.

Ila yote haya yangeepukika dukani. Diski ya zamani ikiwa ya 500, omba SSD ya 512, siyo 480. Ya zamani ikiwa ya 320, hata 480 inatosha. Au nunua SSD ambayo mtengenezaji wake anatoa programu yake ya kuhamishia. Nyingi za hizo zinajua kupunguza sehemu zenyewe na kubeba vipande vyote. Ukitumia Clonezilla, chagua `device-device` kisha `disk_to_local_disk`, maana yake diski nzima kwenda diski nzima. Itakuuliza chanzo kwanza, halafu inakopelekwa. Soma jina la kampuni na ukubwa mara mbili. Ukigeuza, unamwaga SSD tupu juu ya biashara yako yote, na hakuna wa kukusaidia.

Kabla ya kuanza kuna mambo mawili ambayo fundi mwenye haraka huyaruka. La kwanza ni kufuli ya Windows inayoitwa BitLocker au Device encryption, ambayo laptopu nyingine huja nayo imewashwa bila mwenyewe kujua. Ingia kwenye mipangilio uizime, usubiri imalize kufungua diski, ndipo ukloni. La pili ni afya ya diski unayoitoa. Kama inagonga tik-tik, au inagandagandisha mashine kila ukifungua faili fulani, usianze na kukloni. Kunakili diski nzima ni kuisomesha masaa mengi mfululizo, na diski mgonjwa inaweza kufia njiani. Toa kwanza daftari la madeni na picha za bidhaa kwenye flashi, halafu ndiyo ujaribu.

Na betri ijae, chaja iwe imechomekwa. Kwa GB 210 kama za dada, kebo ya USB 3 inachukua kama saa moja, ya USB 2 masaa mawili au zaidi, na umeme wetu mnaujua. Ukikatika katikati, diski ya zamani haidhuriki kwa sababu inasomwa tu. Unaanza upya basi. Ila laptopu iliyokufa betri usiianzishe siku ambayo TANESCO wanacheza.

Diski ya dada sasa iko kwenye droo, imefungwa kwenye mfuko, na karatasi yenye tarehe ya siku ilipotolewa. Amesema haifuti mpaka msimu wa korosho uishe. Fundi aliulizia tena kama anaiuza, akaambiwa haiuzwi.