Helena wa Troya na Waunga Viraka

Wapo wasomaji ambao, wakikuta visa viwili vya mtu mmoja visivyopatana, hukimbilia kuuliza: "Basi kipi ndicho cha kweli?" Wapo na watungaji wa vitabu vya muhtasari wanaowahudumia kwa kuunga viraka. Helena, mwanamke ambaye kwa ajili yake Wayunani walipigana miaka 10 chini ya kuta za Troya, ameteswa sana na watu hao. Humkata mkono kwa Homeri, mguu kwa Euripide, wakamshona Helena mmoja ambaye hakuna Myunani wa kale aliyepata kumsimulia.

Kosa lao ni kudhani kuwa palikuwa na kitabu cha asili ambacho wengine walikinukuu vibaya. Hakikuwapo. Wayunani hawakuwa na msahafu wa miungu yao, wala baraza la makuhani la kuamua ipi isomwe na ipi itupwe. Kila mji ulikuwa na madhabahu yake, makaburi yake na machungu yake, na Helena alisimuliwa kwa mujibu wa hayo.

Tuitazame Sparta, alikokuwa malkia. Huko, kwenye kilima cha Therapne, Helena alitolewa sadaka kama mungu, na kaburi lake likaonyeshwa kando ya la mumewe Menelao. Sasa tuvuke bahari hadi kisiwa cha Rodo. Pausania, msafiri wa karne ya 2 B.K., aliandika kuwa Warodo walisema Helena alikimbilia kwao baada ya Menelao kufa, akapokewa na Polikso, mjane wa Tlepolemo aliyeuawa Troya. Mjane huyo akawatuma vijakazi wake wakamkamata Helena akioga, wakamtundika mtini. Ndiyo sababu, walisema, kwao pana hekalu la Helena wa Mti. Nani aliyekosea? Sparta ilikuwa na malkia wa kumtukuza. Rodo ilikuwa na mjane mwenye kisasi, na hekalu ambalo jina lake lilitaka kuelezwa.

Wala si miji tu iliyotofautiana. Katika kitabu cha 4 cha Odisea, Helena mwenyewe asimulia mbele ya wageni jinsi alivyomsitiri Odiseo alipoingia Troya kwa siri, kwa kuwa moyo wake ulikwisha kurudi nyumbani. Akimaliza tu, Menelao naye asimulia jinsi mkewe alivyomzunguka farasi wa mti akiwaita mashujaa waliojificha ndani, kwa sauti za wake zao, ili wajitoe. Homeri aliviweka visa hivyo sako kwa bako, mke na mume wakijibizana kwa adabu, asiamue. Muunga viraka hukichagua kimoja, na mwiba wa mahali hapo humpita.

Stesikoro, mshairi wa karne ya 6 K.K., alijijibu mwenyewe. Yasemekana alimtukana Helena kwa shairi, akapofuka. Akatunga la pili la kulikana la kwanza, kwamba Helena hakupanda merikebu wala hakufika Troya, na macho yakarudi. Herodoto naye alisema aliambiwa na makuhani wa Misri kuwa Helena alizuiliwa kwao vita vyote. Akaongeza, kwa ujasiri wake, kuwa Homeri alikijua kisa hicho ila akakiacha kwa kuwa hakikufaa utenzi. Huyo alikuwa msomaji hasa!

Lakini hoja nzito kuliko zote ni Euripide, kwa kuwa hapo mwandishi ni mmoja. Mwaka 415 K.K. aliwaonyesha Waathene mchezo wa Wanawake wa Troya: Helena amesimama katikati ya majivu ya mji, amejipamba, anajitetea, na kikongwe Hekuba, aliyefiwa na wanawe wengi, anadai auawe. Mwaka huohuo Athene ilipeleka majeshi Sisilia. Mwaka 413 K.K. majeshi hayo yaliangamia, na mateka wengi wakafia katika machimbo ya mawe ya Sirakusa. Mwaka 412 K.K. Euripide akaleta mchezo mwingine, Helena. Safari hii Helena ni mke mwaminifu aliyehifadhiwa Misri, na kilichokuwa Troya ni kivuli kilichofinyangwa kwa hewa na miungu.

Huyu hakusahau alichoandika miaka 3 nyuma. Waliokaa kutazama walikuwa na vijana ambao miili yao haikurudi, na mbele yao mtumishi mzee wa Menelao, mkongwe wa vita vile, akapewa habari kuwa mwanamke waliyempigania hakuwapo. Naye akauliza kama basi taabu yote ile ilikuwa kwa ajili ya wingu.