Fedha Haitoshi kwa Yote: Lipi Litangulie?

Wanachama watakumbuka kwamba katika mkutano uliopita yaliletwa mbele yetu mambo manne ya kutumia fedha za mfuko wa chama, na kila moja likapata watetezi wake. Wako waliotaka ghala jipya, wako waliotaka sakafu za kuanikia karafuu, wengine kitalu cha miche, na wengine gari ya mizigo. Maneno yalikuwa mengi, na hasira nazo hazikukosekana. Mwisho mzee wetu mmoja alisimama akauliza, "Hebu tuambieni, katika haya manne lipi lina hasara?" Akajibiwa kwamba hakuna. "Basi yafanyeni yote," akasema, akaketi. Watu wakacheka na mkutano ukaishia hapo.

Neno la mzee wetu lilikuwa la haki, na lataka jibu la haki. Yote manne yana faida, lakini yote manne kwa pamoja yataka shilingi milioni 100, na katika mfuko mna milioni 60. Mwenye fedha tele hufanya kila lenye faida wala haulizi lipi bora. Sisi fedha yetu ina mpaka, kwa hivyo swali letu si lipi lina faida, bali ni kila shilingi tuliyo nayo itazaa zaidi wapi. Maswali haya mawili hayana jibu moja, na kuyachanganya ndiko kulikotugombanisha.

Kwanza tueleze hesabu yenyewe, na tarakimu tumezisawazisha ili iwe nyepesi kufuata. Chukua sakafu za kuanikia. Kuzijenga kwataka milioni 20. Makadirio yasema kwamba ada za kuanikia, baada ya kutoa gharama za kuziangalia na kuziba nyufa, zitaleta shilingi 4,880,000 kila mwaka kwa miaka 10. Mwenye haraka atajumlisha tu apate milioni 48.8. Hilo ni kosa, kwa sababu shilingi ya mwaka wa kumi si sawa na shilingi ya leo. Tukipunguza asilimia 10 kwa kila mwaka wa kungoja, mapato ya mwaka wa kwanza yana thamani ya shilingi 4,436,000 hivi leo, na yale ya mwaka wa kumi hayafiki hata 1,900,000. Ukijumlisha miaka yote kumi kwa namna hiyo wapata karibu milioni 30. Hiyo ndiyo thamani ya leo ya mapato. Toa milioni 20 za ujenzi, yabaki milioni 10, nayo twaiita ziada.

Mwanachama mmoja ametuuliza kama kupunguza huku si riba. Sisi si mashekhe wala hatutoi fatwa, lakini katika hesabu hii hakuna anayekopesha wala anayekopeshwa. Ile asilimia 10 ni makisio ya faida ambayo fedha hizi zingeleta kama zingetiwa katika biashara nyingine yenye hatari kama hii.

Kwa hesabu hiyo hiyo, ghala la milioni 40 lina mapato ya thamani ya milioni 54, basi ziada yake ni milioni 14. Gari ya milioni 30 ina mapato ya milioni 42, ziada milioni 12. Kitalu cha milioni 10 kina mapato ya milioni 16, ziada milioni 6.

Sasa watetezi wa ghala husema, na kwa sauti kubwa, kwamba ghala ndilo lenye ziada kubwa kuliko yote, basi na litangulie. Tuwafuate tuone. Ghala likichukua milioni 40, zabaki milioni 20, nazo zatosha sakafu tu. Jumla ya ziada ni milioni 24. Sasa tuliache ghala, tuchukue yale matatu madogo: kitalu, sakafu na gari. Gharama zake ni milioni 60 kamili, na ziada yake ni milioni 28. Tumepata milioni 4 zaidi kwa fedha zile zile, na lile jambo kubwa tumeliacha nje.

Sababu ni kwamba ghala lina ziada kubwa kwa kuwa lenyewe ni kubwa. Lameza fedha nyingi, na kila shilingi linayoimeza hailipi vizuri kama ingalivyolipa kwengine. Ili kuona hayo kwa mara moja, wenye elimu ya hesabu hugawa thamani ya leo ya mapato kwa fedha iliyotiwa, na jibu huliita fahirisi ya faida. Kitalu ni 1.6, sakafu ni 1.5, gari ni 1.4, na ghala ni 1.35. Fahirisi ikizidi moja, jambo lina faida. Inapokuwa fedha ina mpaka, huanza mtu na yenye fahirisi kubwa akashuka chini mpaka mfuko uishe.

Lakini hapa pana mtego, na karani aliyetuandikia makadirio ya kwanza aliingia humo. Aligawa kwa gharama zote. Katika gari alichukua mapato yote kabla ya kutoa kitu, thamani yake ya leo milioni 72, akayagawa kwa milioni 30 za kununulia pamoja na milioni 30 za mafuta, matairi na mshahara wa dereva kwa maisha ya gari. Akapata 1.2, na gari ikawa ya mwisho, nyuma ya ghala. Ziada haikubadilika, maana 72 toa 60 bado ni 12, lakini mpango wote ulipinduka. Kosa lake ni hili: mafuta na mshahara havitoki katika milioni 60 za mfuko. Vitalipwa na gari yenyewe kwa nauli itakayopata. Kinachogaiwa kwa kipimo ni fedha ya mfuko ya leo, basi hiyo peke yake ndiyo ya kugawia. Gharama za kila mwaka zatolewa kwanza katika mapato, ndipo 72 ikawa 42. Mwanachama akiletewa fahirisi yoyote, na aulize kwanza imegawiwa kwa nini.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na huu watunasa hata sisi tunaoipenda fahirisi. Halmashauri imependekeza kwamba milioni 10 zisiguswe, ziwekwe akiba. Pendekezo lina busara, kwani sote twajua mikarafuu haizai sawasawa. Msimu mmoja hujaa, na mwingine mtu hutembea shamba zima asijaze pakacha. Basi tuseme zimebaki milioni 50. Ukifuata fahirisi kama kipofu, utachukua kitalu, kisha sakafu, hapo umetumia 30. Zabaki 20, na inayofuata ni gari ya 30. Nusu gari haiuzwi, na theluthi mbili ya gari haibebi gunia hata moja. Ghala nalo halifai kwa milioni 20, maana kuta bila paa si ghala. Utabaki na ziada ya milioni 16, na milioni 20 zimelala.

Sasa jaribu sakafu na gari. Gharama ni milioni 50 kamili na ziada ni milioni 22. Tazama ajabu yake: kitalu, chenye fahirisi kubwa kuliko yote, ndicho kilichoachwa. Mambo yasiyogawanyika vipande hayapangwi kwa foleni. Hupangwa kwa kujaribu mafungu yanayoingia mfukoni na kutazama fungu lipi lina jumla kubwa ya ziada. Kwa mambo manne kazi hiyo ni ya karatasi moja. Wataalamu wawili, Lorie na Savage wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliieleza taabu hii mwaka 1955, na mwaka 1963 mwenzao Weingartner akatoa kitabu cha kuonyesha namna ya kuikokotoa mambo yanapokuwa mengi, au fedha inapokuwa na mpaka mwaka huu na mwaka ujao pia. Sisi hatukufika huko. Kwetu kalamu yatosha.

Hesabu hii yatuonyesha na jambo jingine ambalo Halmashauri haikulisema mkutanoni, nalo ni bei ya akiba. Kwa milioni 60 tungepata ziada ya 28, na kwa milioni 50 twapata 22. Kuweka kando milioni 10 kwatunyima milioni 6. Hatusemi akiba isiwekwe. Twasema kwamba milioni 6 ndiyo bei yake, na wanachama wana haki ya kuijua kabla ya kunyosha mikono. Na ikiwa wanachama wataweza kuchanga milioni 10 nyingine kwa ajili ya kitalu, akiba itabaki mahali pake na ziada itarudi kuwa 28. Maoni yetu ni kwamba hiyo ndiyo njia bora.

Hata hivyo hatutaki kuwaficha wanachama palipo udhaifu. Hesabu yote hii yaegemea gari. Kwa mfuko wa milioni 50, fungu la sakafu na gari lina ziada ya 22, na fungu la kitalu na ghala lina 20. Mapato ya gari yakiwa 40 badala ya 42, mafungu yamelingana. Yakishuka chini ya hapo, ghala limeshinda na watetezi wake watakuwa wamesema kweli, ingawa si kwa sababu waliyoitaja. Kwa milioni 60 nafasi ni pana kidogo, yaani milioni 4.

Na katika makadirio yote manne, ya gari ndiyo tusiyoyaamini sana. Yamehesabu kwamba gari itapata mizigo mwaka mzima, na sote twajua kwamba msimu wa karafuu ukiisha magari hukaa chini ya miembe. Tena njia za shamba wakati wa masika hazina huruma na springi wala matairi. Kwa hivyo kabla ya mkutano ujao tumewaomba wanachama wawili wenye magari yao waje ofisini na madaftari yao ya miaka mitatu iliyopita, waonyeshe siku walizofanya kazi na fedha waliyotumia gereji. Ikionekana kwamba milioni 42 haipatikani, tutaandika hesabu upya na kuichapa katika toleo lijalo, hata kama jibu litakuwa ghala.