Mswaki wa mwarobaini: yanayosemwa Moshi na ukweli wake

Mwarobaini ni mti wa joto. Unastawi Moshi mjini, TPC na Kahe, lakini ukianza kupanda kuelekea Kibosho au Marangu, vihambani kwenye migomba na kahawa, unazidi kuwa adimu, na mtu wa huko hununua vijiti vyake anaposhuka mjini. Huko mjini ndiko anakonunua na maneno pia. Anaambiwa kijiti hiki kinaua kila mdudu wa mdomoni, na dawa ya meno ya dukani haina kazi. Jirani yake aliyesoma anamwambia kinyume chake, kwamba kusugua meno kwa mti ni mambo ya kale yasiyofaa kitu. Wote wawili wanakosea, na makosa yao yanawagharimu watu meno. Kwa hiyo nitayapitia madai hayo moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: mti hausafishi meno.

Unasafisha. Kinachoozesha jino na kuvimbisha ufizi ni utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye meno kila siku, na utando huo huondoka kwa kusuguliwa. Nyuzi za mti uliotafunwa vizuri zinausugua kama zinavyousugua nyuzi za nailoni. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilikubali na kuhimiza matumizi ya vijiti hivi pale ambapo tayari ni desturi ya watu. Hata hivyo, tafiti zilizolinganisha kijiti na mswaki wa plastiki zinapingana, na namna zinavyopingana inafundisha. Katika utafiti mdogo wa Ghana uliochapishwa 1989, waliotumia vijiti walikutwa na utando mwingi na fizi zinazotoa damu kuliko waliotumia miswaki ya plastiki. Katika jaribio dogo la Saudia lililochapishwa 2003, wanaume waliofundishwa kwanza namna ya kutumia kijiti walisafisha meno vizuri zaidi kwa kijiti kuliko kwa mswaki wa plastiki. Vijiti vile vya Saudia ni vya mti wa mswaki wenyewe, ule unaoota kwenye tambarare kavu kama za Same, wala si mwarobaini. Lakini mimi nauona uzito mkubwa zaidi kwenye yale mafunzo.

Dai la pili, na ndilo lenye madhara zaidi: mwarobaini ni dawa, kwa hiyo kuutafuna kunatosha.

Ni kweli kwamba maji yanayokamuliwa kwenye majani na magamba ya mwarobaini hudhoofisha bakteria wa mdomoni yanapopimwa maabara, na huko India jeli ya majani yake imejaribiwa ikapunguza utando. Lakini jeli hiyo hutengenezwa kwa kipimo maalumu na kukaa kwenye meno kwa muda. Ule uchungu unaotoka kwenye kijiti huchanganyika na mate na kutemwa ndani ya dakika chache, huku utando umeng'ang'ania jino pale ulipo. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu anatembea na kijiti mdomoni kutoka nyumbani hadi stendi, anakizungusha kutoka shavu hili hadi lile, na bado magego yake yana ugaga mgumu wa njano upande wa ndani. Ametafuna njia nzima, ila hakusugua.

Kusugua kwenyewe kunataka utaratibu. Chukua kijiti kibichi chenye unene wa penseli au kuzidi kidogo, urefu wa shubiri moja. Kioshe, kisha menya gamba kwenye ncha, kiasi cha sentimita moja. Tafuna ncha hiyo taratibu hadi nyuzi zitengane na kulainika. Ikiwa kimekauka, kiloweke kwanza kwenye maji safi, maana nyuzi kavu huchoma ufizi. Ukiona nyuzi bado ni ngumu kama za fagio, endelea kutafuna.

Sasa angalia tofauti ya umbo. Nyuzi za mswaki wa plastiki zimesimama upande wa mpini, kwa hiyo ukiuingiza mdomoni zinaligusa jino zenyewe. Nyuzi za kijiti ziko mbele, zimenyooka na mpini wake. Kwa meno ya mbele hilo si tatizo: shika kijiti kama unavyoshika kalamu, weka nyuzi pale ufizi unapokutana na jino, kisha sogeza kuelekea kwenye ncha ya jino. Ya juu unashuka, ya chini unapanda. Usivute kulia na kushoto kama msumeno.

Shida iko kwenye magego ya chini, upande wa ulimi. Ukiingiza kijiti kwa mbele, ncha inapita juu ya jino bila kugusa ubavu wake. Ili kusafisha magego ya kushoto kwa ndani, ingiza kijiti kwenye pembe ya kulia ya mdomo, kikatize juu ya ulimi, ncha ikutane na ubavu wa ndani wa gego la kushoto pale linapoota kwenye ufizi. Kwa magego ya kulia, ingilia kushoto. Kwa upande wa shavu fanya kinyume na wengi wanavyofanya: usipanue mdomo sana. Ukiufumba nusu, shavu linalegea na kijiti kinapata nafasi ya kupita. Malizia kwa juu ya magego, kwenye vile vibonde ambako unga wa ugali na ndizi hukwama.

Kujua kama umefanikiwa, pitisha ulimi. Jino safi huteleza, na lenye utando hukwaruza. Ukitaka uhakika zaidi, weka matone machache ya rangi nyekundu ya keki kwenye maji kidogo, sukutua, tema, suuza mara moja, kisha tazama kwenye kioo. Mahali palipobaki pekundu ndipo kijiti hakikufika, na mara nyingi ni ndani ya magego ya chini na katikati ya meno. Katikati ya meno kwa kweli kijiti hakifiki, na mswaki wa plastiki nao haufiki vizuri. Hapo panahitaji uzi wa meno.

Ukimaliza, kata ile ncha iliyotumika. Kesho anza na ncha mpya. Kijiti kinachokaa mfukoni siku nne na ncha ileile kinakusanya uchafu, na nyuzi zake huvunjika na kukwama kwenye ufizi. Na kila mtu awe na chake.

Dai la tatu: meno ya kahawia yatatakata ukisugua kwa bidii.

Dai hili ni la huku kwetu hasa, na linaniumiza kwa sababu vijana wengi wa Kilimanjaro na Arusha huziba mdomo wanapocheka. Madoa mengi ya kahawia yanayoonekana kwenye meno ya kaskazini hayakutokana na uchafu. Yametokana na floraidi nyingi iliyomezwa utotoni. Miamba ya volkano huipa chemchemi na visima vingi vya ukanda huu floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, hasa upande wa Meru na kwenye tambarare. Magadi nayo yamehusishwa: watafiti wa meno waliofanya kazi Tanzania miaka ya 1990 waliyaona kuwa njia nyingine ya floraidi kuingia mwilini, na kila anayepika kiburu au maharage anajua jinsi yanavyotumika jikoni.

Floraidi hiyo huharibu gamba gumu la jino wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi, yaani kabla mtoto hajafika umri wa miaka minane hivi. Jino linapochomoza, doa limo ndani ya gamba lenyewe. Ukilisugua kwa mti, kwa mkaa au kwa mchanga, unalila gamba na doa linabaki. Njia ya kutofautisha ni rahisi kiasi. Madoa ya floraidi hufanana kwenye meno pacha, la kulia na la kushoto, na huanza kama mistari au mawingu meupe kabla ya kugeuka kahawia. Doa la chai, kahawa au tumbaku hukaa juu juu, zaidi karibu na ufizi na kwenye mianya, na hilo linaweza kupungua kwa kusuguliwa. Mwenye madoa ya floraidi aende kwa daktari wa meno, maana yapo matibabu ya kuyafifisha au kuyafunika. Kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani hayajaota, kinachosaidia ni kubadilisha maji anayokunywa na kupunguza magadi kwenye chakula chake.

Hapo ndipo linapozaliwa dai la nne: kwa kuwa floraidi imetuharibu, tuiache dawa ya meno na turudi kwenye mti.

Madhara ya floraidi niliyoyaeleza ni ya kumeza kila siku utotoni. Faida yake dhidi ya kuoza hupatikana inapoligusa jino lililokwisha kuota, kisha ikatemwa. Dawa nyingi za meno zina floraidi kati ya sehemu 1000 na 1500 kwa kila milioni, na kijiti hakitoi kiasi kinachokaribia hapo. Kwangu mimi, huo ndio upungufu mkubwa kuliko yote wa mti, kwa sababu ufundi wa mkono unaweza kuziba pengo la umbo, lakini hauwezi kuleta madini yasiyokuwepo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakwe dawa kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na mzazi asimame naye mpaka ateme. Anayependa kijiti chake akitumie asubuhi, na usiku kabla ya kulala atumie mswaki na dawa ya floraidi. Asiye na mswaki apake dawa hiyo kwenye nyuzi za kijiti.

Dai la tano: damu ikitoka, ndiyo uchafu unatoka.

Damu inaweza kuwa na maana mbili. Ufizi uliovimba kwa utando hutoka damu hata ukiguswa polepole, na ukiusafisha kila siku damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikiendelea baada ya hapo, muone tabibu wa meno. Ufizi uliochomwa na nyuzi ngumu hutoka damu mahali pamoja, unauma, na baada ya miezi hurudi nyuma mpaka shina la jino linaonekana. Ufizi ukisharudi nyuma haujirudishi wenyewe.

Dai la sita, kwamba mti wowote mchungu unafaa, halihitaji maneno mengi. Utomvu wa mnyaa wa ua hubabua midomo na unaweza kumuumiza mtu macho, na porini ipo miti inayotumika kwa sumu ya mishale. Kama huufahamu mti kwa jina na kwa jani, usiutie mdomoni. Hata mwarobaini, tema maji yake, na mafuta ya mbegu zake yasikaribie kinywa cha mtoto mchanga, kwa sababu yamewahi kuwadhuru vibaya watoto waliopewa.

La mwisho ni lile la kwamba mwarobaini huziba jino lililotoboka. Tundu likishaingia ndani ya jino, nyuzi hazifiki chini yake, wala hakuna maji ya mti yanayorudisha kilicholiwa. Maumivu yanaweza kutulia siku kadhaa kwa sababu mshipa wa ndani umekufa, na mtu akadhani amepona, huku usaha unajikusanya kwenye shina. Jino linaloshtuka kwa maji baridi bado mara nyingi linaweza kuzibwa kwa ziara moja. Likifika hatua ya kuuma usiku lenyewe bila kuguswa, kwa kawaida linabaki la kutibiwa mzizi au kung'olewa.